UZI: Mtihani wa uhasibu wa masaa matatu, dakika zigawanywe vipi na tuanze na swali lipi?

DaftariWazi

Habari zenu wakuu. Nina mtihani wa uhasibu, masaa matatu, alama 100, maswali matano na yote ni ya lazima. Juzi nilijipima na karatasi ya mazoezi, nikaweka saa mezani. Matokeo yameniumiza. Maswali matatu nimeyafanya vizuri, la nne limeishia katikati, la tano sikuligusa kabisa. Na la tano lilikuwa uwiano, kitu ninachokijua.

Karatasi ilikuwa hivi: swali la 1 hesabu za mwisho wa mwaka, alama 30. Swali la 2 usuluhishi wa benki, alama 15. Swali la 3 maelezo matupu, vipengele vitatu vya alama 5 kila kimoja. Swali la 4 ubia, mbia mpya anaingia, alama 20. Swali la 5 uwiano na kuutolea maoni, alama 20. Nilianza na la 1 kwa sababu ndilo la kwanza. Mizania ikakataa kulingana, nikaitafuta, saa ikaenda.

Naomba mnisaidie mambo mawili: dakika nizigawe vipi, na nianze na swali lipi?

KasiMpya

Dada hili ni jepesi. Masaa matatu ni dakika 180. Gawa kwa alama 100, unapata dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 30 lipe dakika 54, la 20 lipe 36, la 15 lipe 27. Ukifika dakika ya mwisho unahama. Mimi ndivyo nafanya, na sijawahi kuacha swali.

KalamuNyekundu

KasiMpya, njia yako ni sahihi ila umegawa dakika ambazo huna. Katika zile 180 kuna za kusoma karatasi, na kuna za mwisho za kuhakikisha namba za maswali zimeandikwa, karatasi za ziada zimefungwa na hakuna kipengele kilichorukwa. Nimefundisha somo hili na kusahihisha kwa miaka mingi. Anayegawa dakika zote 180 huwa anazilipa hizo za kusoma kutoka kwenye swali la mwisho bila kujua.

Toa 10 za mwanzo na 10 za mwisho. Zinabaki 160 kwa alama 100, yaani dakika 1.6 kwa alama. Kwa karatasi ya DaftariWazi, swali la alama 30 linapata dakika 48, la 20 linapata 32, la 15 linapata 24, na kila kipengele cha alama 5 kinapata 8. Kama mtihani wenu una muda wa kusoma kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, basi zile 10 za mwanzo zigawie maswali.

Sasa usibaki na "dakika 48" kichwani. Katikati ya mtihani hakuna mtu anayekumbuka alianza lini. Andika saa yenyewe ya kumaliza, pembeni ya kila swali, kwenye karatasi ya maswali. Tuseme mnaanza saa 3:00 asubuhi na kumaliza saa 6:00. Mimi ningeipanga karatasi hii hivi: kusoma hadi 3:10. Usuluhishi wa benki hadi 3:34. Hesabu za mwisho hadi 4:22. Maelezo hadi 4:46. Uwiano hadi 5:18. Ubia hadi 5:50. Kumi zilizobaki ni za ukaguzi. Ukiinua macho ukaona ni 4:22, unajua unatakiwa uwe wapi bila kupiga hesabu yoyote.

Kama saa ya ukutani inasomeka 10:22, andika 10:22. Usijipe kazi ya kubadilisha saa ukiwa umebanwa.

MwangaWaTaa

Samahani wakuu, mimi nina wiki mbili tu zimebaki. Hizo dakika 48 za hesabu za mwisho ni kwa siku au kwa wiki? Na usuluhishi wa benki nisome asubuhi au usiku?

KasiMpya

MwangaWaTaa hapa tunazungumzia ndani ya chumba cha mtihani, siyo ratiba ya kusoma. Fungua uzi wa ratiba, tutakuja kuchangia huko.

DaftariWazi

Ahsante sana KalamuNyekundu, nimeipenda hiyo ya kuandika saa. Ila sijaelewa kitu kimoja. Kwa nini uanze na la alama 15 na siyo la alama 30? Mimi nilifundishwa swali kubwa lifanywe akili ikiwa mbichi.

KalamuNyekundu

Swali zuri, na jibu langu halimfai kila mtu. Ninachokiangalia ninapochagua swali la kwanza ni alama ya kwanza iko umbali gani, na swali lenyewe lina mwisho unaoonekana au halina. Ukubwa wake nauangalia baadaye.

Chukua usuluhishi wa benki. Unaweka alama ya vema kwenye miamala inayofanana katika daftari la fedha na taarifa ya benki. Zilizobaki bila vema ndizo kazi yako. Gharama za benki unazipeleka kwenye daftari la fedha, hundi ambazo hazijawasilishwa zinaingia kwenye usuluhishi. Ndani ya dakika tano tayari umeandika kitu chenye alama. Na mwisho wake unajulikana: salio ulilorekebisha linakubaliana na benki, au halikubaliani. Baada ya dakika 24 umeshika alama zako, mkono umelegea, na umeona kama mwendo wako unalingana na saa uliyoandika.

Hesabu za mwisho ni nyingine kabisa. Unasoma urari mzima, kisha marekebisho matano au sita, kisha unakokotoa uchakavu na tengo la madeni yenye shaka. Dakika kumi zinapita kabla hujaandika mstari wa kwanza wa taarifa. Ukiwa na hofu za mwanzo, hapo ndipo unaporuka rekebisho. Lakini sitaki pia ulichelewishe mpaka mwisho, maana lina alama 30. Kwa hiyo nafasi ya pili.

Ubia nimeuweka mwisho kwa sababu ya mnyororo. Ukikosea thamani ya nia njema mwanzoni, kila akaunti ya mtaji inayofuata inabeba kosa hilo. Maswali ya namna hiyo yanavuta mtu arudi nyuma kufuta. Yakiwa mwisho, yatakula muda wao wenyewe tu na siyo wa uwiano.

HesabuHazilali

Mimi nipo kwenye kundi la DaftariWazi. Mwaka jana mizania yangu ilitofautiana kwa 4,500. Nilikaa nayo karibu dakika 35. Nilijumlisha upya kila kitu mara tatu. Nilipotoka nje nikakumbuka kwamba wadai walikuwa 8,300 na mimi nimeandika 3,800. Swali la mwisho lilikuwa na alama 20, nikaandika kichwa cha habari tu. Naliwaza hadi leo.

KalamuNyekundu

Pole sana ndugu yangu. Mkasa wako naomba niutumie, maana una somo lote ndani.

Mizania ikikataa, jipe dakika tatu, na usizitumie kujumlisha upya. Fanya hivi. Tofauti yako ni 4,500. Kwanza igawe kwa mbili, unapata 2,250. Pitia karatasi ya maswali: kuna kitu cha 2,250? Kama kipo, inawezekana umekiweka upande usio wake, mfano gharama iliyolipwa kabla umeiingiza kwenye madeni. Hakipo, endelea.

Pili angalia kama tofauti yenyewe, 4,500, ipo mahali. Kama ipo, huenda umeiandika sehemu moja ukaisahau ya pili.

Tatu igawe kwa tisa. 4,500 kwa 9 ni 500 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa tisa bila kubaki inakupa sababu ya kushuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Na ile 500 inakuelekeza: tafuta namba ambayo tarakimu ya maelfu na ya mamia zinapishana kwa tano. Wadai 8,300: nane na tatu zinapishana kwa tano. Hapo ungelinganisha na ulichoandika ukaona 3,800. Ni kazi ya dakika moja.

Lakini msiliamini sana hili la tisa. Tofauti inaweza kugawanyika kwa tisa kwa bahati tu, au ukawa na makosa mawili yanayochanganyika, na hapo hakuna kipimo kitakachokusaidia. Dakika tatu zikiisha, acha mizania ikiwa haijalingana na uhamie swali jingine. Usibuni namba ya kuziba pengo. Msahihishaji anaiona, na haina alama.

Jambo la kujua ni kwamba mizania kulingana kwenyewe huwa na alama chache sana, mara nyingine hakuna kabisa. Alama ziko kwenye vitu: mauzo halisi, gharama ya mauzo, kila rekebisho, mali za kudumu baada ya uchakavu. HesabuHazilali alikuwa ameshapata karibu alama zote za swali lile. Zile dakika 35 zilikuwa zinatafuta alama moja au mbili, huku alama 20 zikisubiri ukurasa wa pili.

DaftariWazi

Nimesoma hii mara mbili. Mimi nilitumia kama dakika 25 kutafuta. Na kosa langu halikuwa tarakimu, nililikuta jioni nyumbani: kodi ya pango iliyolipwa kabla niliitoa kwenye gharama lakini sikuiweka kwenye mali.

KalamuNyekundu

Hilo lina kinga, na inafanyika kabla, wakati wa kusoma. Kila rekebisho linagusa sehemu mbili. Tuseme urari una kodi ya pango 36,000, na chini wameandika kwamba 6,000 ni ya mwaka ujao. Kwenye taarifa ya faida na hasara unaandika 30,000. Kwenye mizania, chini ya mali za muda mfupi, unaandika 6,000. Sasa chora miraba miwili midogo pembeni ya rekebisho hilo. Ukiandika ile 30,000 unaweka vema moja, ukiandika ile 6,000 unaweka ya pili. Kabla hujajumlisha mizania, pitia miraba. Mraba mtupu ndio kosa lako, na hujapoteza hata dakika.

Katika zile dakika 48, mimi huwaambia wanafunzi wangu: 4 za kusoma na kuchora miraba, 6 za hesabu za pembeni, 18 za faida na hasara, 15 za mizania. Zinabaki 5, na zile tatu za kutafuta tofauti zinatoka humo. Hesabu za pembeni zipe kichwa cha habari na uzionyeshe. Ukikosea uchakavu hapo, kisha ukaipeleka namba yako hiyo hiyo kwenye taarifa na kwenye mizania, mara nyingi unapoteza alama ya pale ulipokosea tu. Namba tupu isiyo na hesabu yake, msahihishaji hana cha kukupa.

BabaWaMizania

Mimi napingana na mpangilio huu, kwa heshima zote. Maelezo ndiyo yaanze. Vipengele vitatu vya alama 5, havina namba, havina kulingana. Unaandika, unatulia, dakika 24 umepata alama zako. Nimefanya mitihani yangu yote ya uhasibu hivi na nimefaulu.

KalamuNyekundu

BabaWaMizania, kwa mtu anayejizuia, sina pingamizi. Shida niliyoiona kwenye karatasi za wengi ni kwamba maelezo hayana mstari wa mwisho. Usuluhishi ukiisha umeisha. Maelezo unaweza kuongeza aya nyingine, na nyingine. Nimekutana na kurasa mbili na nusu kwa kipengele cha alama 5, tena hoja ni zile zile kwa maneno mengine, halafu ubia haujaguswa. Ndiyo maana nimeyaweka katikati, baada ya hesabu nzito, yapumzishe kichwa, na yabanwe na saa 4:46.

BabaWaMizania

Nimekuelewa, ila yakibaki katikati ukichelewa kwenye hesabu za mwisho unayafanya kwa haraka, na maelezo ya haraka yanakuwa maneno matupu. Mimi nabaki na msimamo wangu. Dakika 8 kwa kipengele, hoja tano kama ni alama 5, kila hoja sentensi mbili, nahama. Sijawahi kuzidisha.

KalamuNyekundu

Ukiwa na nidhamu hiyo, endelea nayo. DaftariWazi ajipime kwa njia zote mbili aone ipi inamfaa.

NukuuYaLeja

Naomba kuuliza wakuu. Karatasi yetu sisi ni kuchagua maswali 4 kati ya 6, kila moja alama 25. Hapo hesabu si zinakuwa zile zile, dakika 40 kila moja? Sasa yapi yachaguliwe? Mimi nachagua mada niliyoisoma zaidi.

KalamuNyekundu

Ndiyo, 25 mara 1.6 ni dakika 40 kamili. Kuchagua kwa jina la mada ndiko kunakowaangusha watu. Soma kinachotakiwa kwanza, ile sehemu ya chini yenye (a), (b), (c) na alama zake, ndipo urudi juu kwenye taarifa. Kisha jiulize kwa kila swali: alama kumi za kwanza nitazipataje?

Mfano ni hesabu zisizokamilika, yaani mfanyabiashara hakutunza vitabu sawasawa. Unaweza kuwa umeisoma mada hiyo vizuri sana. Lakini kabla ya kuandika taarifa, utafute mtaji wa mwanzo, utafute mauzo ya mkopo kupitia akaunti ya wadaiwa, utafute manunuzi kupitia akaunti ya wadai, na pengine fedha zilizopotea. Kazi ni ndefu kuliko alama 25 zinavyoonekana. Likiwa pembeni ya swali la uwiano lenye (a) ya alama 15 za kukokotoa na (b) ya alama 10 za kutoa maoni, mimi nachukua uwiano kwanza. Lile jingine ninaweza kulichagua pia, ila nalifanya la tatu au la nne.

Na ukishachagua, usibadilishe isipokuwa ndani ya dakika tano za mwanzo za swali hilo. Kubadilisha baada ya dakika 20 kunamaanisha swali moja kati ya manne umelipia mara mbili.

KasiMpya

Mimi nakiri kwamba zile 1.8 zangu zilikuwa zinanibana mwishoni kila mara, nikadhani ni mwandiko wangu wa pole pole. Swali: saa ikifika katikati ya taarifa, labda nimebakiza mistari minne, nihame kweli? Mimi nafsi inakataa.

KalamuNyekundu

Kama ni mistari minne ambayo namba zake tayari ziko kwenye urari na unanakili tu, malizia, ni dakika moja na nusu. Kama bado unatafuta namba, hama. Acha nusu ukurasa wazi na anza swali jipya kwenye ukurasa mpya, ili ukirudi katika zile kumi za mwisho uwe na pa kuandika.

DaftariWazi

Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimefanya karatasi nyingine yenye muundo ule ule, kwa mpango wa KalamuNyekundu, nikaandika saa pembeni. Nimegusa maswali yote matano kwa mara ya kwanza. Usuluhishi umechukua dakika 22. Maelezo 25. Uwiano 30. Ubia ulipata 20 tu, nikaishia kwenye akaunti za mitaji, mizania mpya ya wabia sikuifikia.

Zilizokosekana zote zimekwenda kwenye hesabu za mwisho. Nilipewa 48, nimetumia 63. Mizania imelingana, miraba imenisaidia, nilikuta mmoja mtupu kwenye uchakavu wa magari. Kwa hiyo safari hii sikupoteza muda kutafuta tofauti, na bado nimezidisha dakika 15. Sielewi zimekwenda wapi.

HesabuHazilali

Angalia rula. Mimi niligundua nachora mistari ya safu kwa rula, kwa kalamu mbili, kabla ya kuandika chochote, halafu nachora tena ukurasa ukibadilika. Rafiki yangu alinishikia saa, ilikuwa dakika 9 kwenye taarifa moja. Sasa hivi nachora mistari miwili chini ya jumla tu, safu nazipanga kwa macho.

DaftariWazi

Ninachora kweli. Kalamu nyekundu na rula, kila safu. Ila ninaogopa, bila mistari namba zangu zinapinda, na nikijumlisha nachanganya safu ya ndani na ya nje.

KalamuNyekundu

Usiache yote kwa siku moja. Kesho fanya swali la hesabu za mwisho peke yake, uandike pembeni saa uliyomaliza kila hatua: kusoma, hesabu za pembeni, faida na hasara, mizania. Chora mstari mmoja tu, ule unaotenga safu ya ndani na ya nje. Ulete hizo saa nne hapa. Zikizidi kwenye faida na hasara, nitaamini ni rula. Zikizidi kwenye hesabu za pembeni, tatizo litakuwa jingine.